Herufi 80 kabla ya kutumia mega: maneno ya kwanza ya aplikasyo ya shamba

Bamama na bapapa wa ushirika, mara nyingi tunasikia kwamba kuna aplikasyo mpya ya kusaidia mkulima. Mtu analeta habari kutoka mjini, mwingine anaionyesha kwenye telefone ya mutoto wake, na kisha mkutano kunakuwa mabishano: tuipakue ao tuiache? Kwenye vijiji vya njia ya Kipushi ao ya Kasenga, kupakua si jambo la kuchezea. Mega inanunuliwa na feza ile ile ya chumvi na sabuni, na telefone moja yenye kufungua aplikasyo inatumiwa na nyumba mbili ao tatu. Mwenye telefone akipakua kitu ambacho hakimsaidii, hatajaribu tena sezoni hii.

Kwa hiyo tunataka kuongea juu ya maneno machache ambayo mtu anayasoma mbele ya kupakua. Kwenye Play Store, kila aplikasyo iko na ukurasa wake. Jina haliwezi kupita herufi 30. Chini ya picha kuna maelezo mafupi, na hayo hayawezi kupita herufi 80, nafasi kati ya maneno nazo zinahesabiwa. Kisha kuna maelezo marefu, yanayofika mpaka herufi 4000, lakini hayo yamefungwa: mpaka uguse mushale ndipo yanafunguka. Watu wengi hawaugusi. Wanaangalia jina, picha, na ile mistari miwili mifupi, basi.

Mbona mwana-ushirika ahangaike na jambo hilo? Kuna sababu mbili. Ya kwanza, yeye ndiye msomaji. Ya pili, miradi inayotengeneza aplikasyo hizi inafika kwenye ushirika na kuomba: "Tusaidieni kuandika kwa Kiswahili chenu." Ushirika unaojua ginsi mistari hiyo inavyofanya kazi unaweza kujibu kwa kitu cha maana, haubaki kusema tu "ni muzuri".

Tutachukua mfano wa kweli: PlantVillage Nuru. Ilitengenezwa na chuo kikuu cha Penn State cha Amerika, pamoja na FAO na IITA. FAO iliitangaza mwaka 2018 kama chombo cha kusaidia wakulima wa Afrika kupambana na viwavi-jeshi vya mahindi, na inasema Kiswahili, Kifaransa na Kiingereza. Unaelekeza kamera ya telefone kwenye jani, nayo inakuambia inaona ugonjwa gani ao mududu gani. Kazi hiyo ya kutambua inafanyika ndani ya telefone yenyewe, bila enternete. Kwenye mihogo inaangalia mambo matatu: mozaiki, ile wengine wanaita batobato, michirizi ya kahawia, na uharibifu wa utitiri wa kijani. Mistari tutakayoandika hapa ni mazoezi yetu wenyewe, si maneno ya wenye aplikasyo.

Tuanze na mustari mbaya, wa aina tunayoiona sana:

"Aplikasyo bora ya kisasa inayobadilisha maisha ya wakulima wa Afrika nzima"

Uko na herufi 74, kwa hiyo unaingia. Lakini uusome tena ukiwa na jani la muhogo lenye madoa ya manjano mukononi. Hausemi muhogo. Hausemi jani. Ungeweza kubandikwa kwenye aplikasyo ya bei za soko, ya hali ya hewa, hata ya kuuza mbolea, na usingebadilika hata neno moja. Hiyo ndiyo njia rahisi ya kupima mustari: uweke chini ya jina la aplikasyo ingine. Kama bado unakaa vizuri, haujasema kitu. Hata Google yenyewe hairuhusu maneno ya kujisifu kama "bora" ao "namba moja" ndani ya jina la aplikasyo. Kwa maelezo mafupi, inashauri tu kuyaacha.

Sasa tuandike wa kwetu. Mtu akiongea kama anavyoongea, atasema hivi:

"Inakusaidia kutambua magonjwa ya mihogo na viwavi vya mahindi katika shamba lako hata bila enternete"

Huu ni ukweli na unaeleweka. Shida ni kwamba uko na herufi 100. Ukihesabu, herufi ya 80 inaangukia mwisho wa neno "lako". Maana yake, kama mtu atakata tu pale nafasi inapoishia, maneno yatakayobaki inje ni "hata bila enternete". Na kwa mkulima asiye na mega kila siku, hayo ndiyo maneno yenye uzito kupita yote. Yaliyowekwa mwisho ndiyo yanayokufa. Kwa hiyo haufai kukata mukia. Unapaswa kuangalia ni maneno gani katikati ambayo hayafanyi kazi.

"Inakusaidia kutambua" inaweza kuwa "Tambua" tu, na tunaokoa herufi 14. "Katika shamba lako" haina kazi, maana mihogo haioti sokoni. Tukiitoa pamoja na nafasi yake tunaokoa herufi 19. Tunabaki na 67. Nafasi ya herufi 13 iko wazi. Tuweke nini?

Hapa ndipo ushirika unapaswa kubishana kweli kweli. Wengine watasema tuweke "kwa Kiswahili". Wengine watasema mtu bado hajui ni nini atafanya na telefone yake: ataandika? atapiga simu kwa agronomu? atasikiliza sauti? Sisi tunaona hao wa pili wana haki. Neno la luga linaweza kungoja mustari wa kwanza wa maelezo marefu, lakini mtu asiyejua kwamba kazi ni kupiga picha hatafungua hayo maelezo. Tukiondoa pia neno "hata", tunapata:

"Piga jani picha, tambua magonjwa ya mihogo na viwavi vya mahindi bila enternete"

Herufi 79. Inabaki moja, na hatuna haja nayo. Mustari huu unasema utafanya nini, kwenye mimea gani, utapata nini, na kwamba mega haiombwi pale shambani. Ukiuweka chini ya jina la aplikasyo ya bei za soko, unakataa.

Lakini haujamaliza. Msomee mtu ambaye hajawahi kuona aplikasyo hiyo, kisha unyamaze na umusikilize. Maswali yake ndiyo yatakuonyesha matundu. Tunaweza kufikiri matatu ambayo yatakuja karibu kila mara. "Kama haiombi mega, juu ya nini inaniomba mega sasa ya kupakua?" "Njo dawa ao njo picha tu?" Na la tatu: "Inasema ukweli siku zote?"

Swali la kwanza ni rahisi. Kupakua kunaomba enternete, kutambua hakuombi. Herufi 80 haziwezi kubeba tofauti hiyo, kwa hiyo inaingia kwenye mistari ya kwanza ya maelezo marefu. Pale pia tutaandika kwamba mtu anaweza kupakua akiwa mjini ao kwenye ofisi yenye wifi, kisha akarudi nayo shambani.

Swali la tatu ni gumu kuliko, na ndilo ambalo waandishi wa kurasa hizi wanalikimbia. Kwa Nuru kuna jibu lenye hesabu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulipima ginsi inavyotambua magonjwa ya mihogo kwa kuangalia majani. Kwa jani moja, ilisema sawa karibu mara 65 kati ya 100. Hiyo ilikuwa juu ya maagronomu wa vijijini waliojaribiwa, na juu sana ya wakulima. Lakini walipoangalia majani 6 ya mumea mumoja, usahihi ulipanda mpaka kati ya 74 na 88 kwa mia.

Angalia sasa mtego ulipo. Mtu wa kutangaza anaweza kuchukua ile namba kubwa na kuandika "Sahihi kwa asilimia 88". Hajasema uongo: namba iko. Lakini mama anayepiga picha jani moja na kuondoka hatapata hiyo 88. Atapata kitu karibu na 65, maana yake kwa majani matatu, moja linaweza kupewa jina lisilo lake. Namba bila masharti yake inamudanganya. Kwa hiyo sisi hatungeweka namba yoyote kwenye ukurasa. Tungeweka sharti lenyewe: piga picha majani 6. Ni maneno machache, na yanamuletea mkulima faida ambayo namba haimuletei.

Swali la pili, la dawa, ndilo lenye kuumiza watu. Neno "tambua" tulilichagua kwa makusudi. Tumesoma kurasa zinazosema "tibu", "maliza", "ponyesha", na mtu anapakua akifikiri atapata dawa. Kwa mozaiki ya mihogo hakuna dawa. Ni virusi, vinabebwa na inzi mweupe mudogo anayekaa chini ya majani, na zaidi vinabebwa na sisi wenyewe tunapokata vijiti vya kupanda kwenye mumea wenye ugonjwa. Mtu akishajua kwamba ni mozaiki, kazi yake ni kungoa mimea iliyougua ikingali midogo, na kuchagua vijiti kwenye mimea yenye majani mazuri tu. Ukurasa unaosema "tibu" unamupeleka sokoni kununua chupa ambayo haitafanya kitu.

Kwa hiyo mistari ya kwanza ya maelezo marefu, tungeiandika hivi:

"Nuru inasema Kiswahili, Kifaransa na Kiingereza. Kupakua kunaomba mega; kutambua jani shambani hakuombi. Piga picha majani 6 ya mumea mumoja, usipige jani moja tu. Kwa mihogo inaangalia mozaiki, michirizi ya kahawia na utitiri wa kijani. Kwa mahindi inaangalia uharibifu wa viwavi-jeshi. Haioni kuoza kwa mizizi, na haiuzi dawa. Kama majani hayakubaliani, mwonyeshe agronomu."

Mtu anaweza kuuliza mbona tunaweka juu kabisa mambo ambayo aplikasyo haifanyi. Kwa mwenye kuuza, hilo linaonekana kama kujiharibia soko. Lakini fikiri juu ya muhogo wenye majani ya kijani, mazima, na chini mizizi imeoza kwa maji yaliyosimama. Jani halionyeshi kitu. Aplikasyo itasema mumea ni muzima, na mkulima atangoja mpaka siku ya kuchimba. Kosa hilo linaweza kuzuiwa na maneno manne: "haioni kuoza kwa mizizi". Yakiwekwa kwenye herufi ya 3500, hakuna atakayeyasoma.

Lile neno la mwisho, "kama majani hayakubaliani", linahitaji maelezo kidogo, maana linatokea. Majani ya muhogo yanaweza kuwa na manjano bila mozaiki. Udongo ukikosa zinki, majani machanga yanakuwa na manjano ao weupe kati ya mishipa, lakini kwa kawaida pande mbili za jani zinafanana, na hali inaonekana kwenye mimea mingi ya sehemu moja. Mozaiki haiko na mpango: doa huku, doa kule, na jani lenyewe linapindika, linakunjamana, upande mumoja unakuwa mudogo kuliko mwingine. Katika shamba lile lile utakuta mumea mumoja umeugua sana na wa pembeni uko muzuri. Kama telefone inasema mozaiki kwa jani moja na muzima kwa matano, na jani lile halijapindika, usingoe kitu bado. Angalia mimea ya pembeni kwanza.

Kwa upande wa mahindi, neno "viwavi" peke yake lina shida yake. Viwavi-jeshi hivi vilitoka Amerika, vikaonekana Afrika mara ya kwanza mwaka 2016, na muda mufupi kisha vikaingia hata kwetu Kongo. Lakini mahindi yanaliwa na viwavi vya aina nyingi, hata vile vya zamani vinavyotoboa shina. Kinachopigwa picha ni jani lililoharibiwa: vidirisha vyeupe pale vidudu vidogo vilipokula upande mumoja, ao matundu makubwa yenye kupasuka. Kuhakikisha, ufungue moyo wa muhindi, utoe ule uchafu kama unga wa mbao, na uangalie kichwa cha mududu. Kiwavi-jeshi kiko na alama nyeupe kama Y iliyopinduliwa, na karibu na mukia kiko na madoa manne meusi yaliyopangwa kama pembe nne za meza. Telefone na macho vinasaidiana.

Na picha moja ya muhindi mumoja haisemi hali ya shamba. Namna inayotumiwa ni kutembea kwa njia ya W, kusimama mahali 5, na kila mahali kuangalia mihindi 10. Inakuwa 50. Ukikuta mahindi yako yangali madogo na 10 kati ya hayo 50 yameliwa upya, hiyo ni asilimia 20, na ni wakati wa kuita agronomu mbele ya vidudu kukua na kujificha ndani ya moyo, pale ambapo dawa haivifikii vizuri. Je, jambo hili linaingia kwenye mistari ya kwanza? Tulijaribu, na tukalitoa. Linaomba nafasi ndefu, na mtu hawezi kulitumia mbele ya kupakua. Mahali pake ni ndani ya aplikasyo, ao kwenye mkutano wa ushirika.

Kuna jambo lingine ambalo miradi inalisahau, na kwetu Lubumbashi linaonekana kila siku. Play Store inakubali ukurasa wa Kiswahili. Muradi unaandika Kiswahili kizuri, unalipa mufasiri, unafurahi. Lakini ukurasa unaoonyeshwa unafuata luga ya telefone, na telefone nyingi za huku ziko katika Kifaransa tangu zilipotoka kwenye kartoni. Mkulima wa Kasenga anafungua na kukuta maneno ya Kifaransa, na ile kazi yote ya Kiswahili haioni hata siku moja. Kinyume chake kinatokea pia: telefone ya mtu imewekwa Kiswahili, mwenye aplikasyo hajaandika ukurasa wa Kiswahili, na kinachoonekana ni luga ile aliyoichagua kuwa ya kwanza.

Dawa ya hapo ni rahisi. Mistari ya kwanza ya ukurasa wa Kifaransa nayo iseme wazi kwamba aplikasyo inasema Kiswahili ndani, na neno "Kiswahili" liandikwe vile vile, lisifasiriwe kuwa "swahili" peke yake katikati ya sentensi ndefu. Mtu asiyesoma Kifaransa vizuri atalitambua neno hilo kwa macho. Na ushirika ukiombwa kusahihisha Kiswahili cha ukurasa, uulize kwanza: ukurasa wa Kifaransa unasema nini? Mara nyingi huo ndio utakaosomwa.

Uangalie pia Kiswahili chenyewe. Maneno kama "viwavijeshi vamizi" ao "batobato" yanajulikana Tanzania. Huku mtu anaweza kuyapita bila kuelewa. Mwandishi wa mbali atayatumia kwa nia nzuri. Ushirika unaweza kumwambia: weka "mozaiki" kwanza, ndilo neno ambalo agronomu wetu anasema, na "batobato" lifuate. Kwa herufi 80 hakuna nafasi ya yote mawili, kwa hiyo tulisema "magonjwa ya mihogo" tukijua kwamba neno ni pana kidogo, na tukalifunga kwenye mistari inayofuata kwa kutaja matatu yale.

Kwa msomaji ambaye hataandika ukurasa wowote, mambo mawili mengine yaliyo pale pale yanafaa kuangaliwa kwa haraka. Utafute tarehe ambayo aplikasyo ilirekebishwa mara ya mwisho. Kama ni miaka mingi, inawezekana haitafunguka kwenye telefone mpya. Ufungue pia sehemu iliyoandikwa "Sécurité des données", uone kama inachukua mahali ulipo. Aplikasyo za kutambua magonjwa zinaweza kuomba hivyo kwa sababu ya kuchora ramani ya ugonjwa, na hilo si baya, lakini mwenye shamba anapaswa kujua.

Wakati muzuri wa kufanya mazoezi haya ni mwezi wa kumi, mbele mvua haijashika, pale ambapo mihogo ya mwaka uliopita ingali na majani na watu wanatafuta vijiti vya kupanda. Mchague mustari mumoja wa herufi 80 kutoka ukurasa wowote, mumusomee mtu asiye na telefone ya kisasa, na mumuulize anafikiri kitu kile kinafanya kazi gani. Andikeni jibu lake kama alivyolisema, kwa Kiswahili chake, na mulitume kwa waliotengeneza aplikasyo.